Mbwa Anapolaza Kichwa

Mtu hutamka neno, na mbwa aliyeketi mbele yake hulaza kichwa upande, sikio moja likawa juu na jingine chini, macho yakabaki usoni pa msemaji. Bwana wake hufurahi akasema, "Huyu ananisikia." Maneno hayo mawili ni mepesi kutamkwa, lakini ndani yake mna madai matatu yaliyofungwa pamoja. Katika Kiswahili kusikia ni sauti kufika sikioni, tena ni kufahamu, ndiyo maana mwalimu huuliza, "Mmesikia?" hali anajua ya kuwa hakuna kiziwi darasani, tena ni kutii, kwani mtoto asiyesikia si mgonjwa wa masikio bali ni mkaidi. Mbwa alazapo kichwa, ni lipi katika haya matatu limetokea? Jawabu si la mchezo, kwa sababu wako mbwa wanaopigwa kwa kosa la kuchanganya maana ya kwanza na ya tatu, na kosa hilo si lao.

Waliotafuta sababu walianza na mwili. Wengine walisema kwamba mbwa hupinda shingo ili kupata mahali sauti inapotoka, maana masikio mawili yasipokuwa katika usawa mmoja, sauti ya juu na ya chini hutengana vizuri zaidi. Wengine walisema kwamba pua ndefu humzuia mbwa kuona mdomo wa anayesema naye, basi huiondoa njiani. Rai hii ya pili ilipimwa na Stanley Coren, mwanazuoni wa elimu ya nafsi, ambaye mwaka 2013 alieleza majibu ya watu 582 wenye mbwa. Asilimia 71 ya wenye mbwa wa pua ndefu walisema mbwa wao hulaza kichwa mara nyingi. Kwa wenye mbwa wa nyuso bapa walikuwa asilimia 52. Tofauti ipo, na pua haikosi kuwa na sehemu yake. Walakini mbwa wa uso bapa hana pua ya kumkinga asione, na bado zaidi ya nusu yao hulaza kichwa. Isitoshe, walioulizwa ni wenye mbwa wenyewe, na kumbukumbu ya mtu juu ya kipenzi chake si mizani ya dhahabu.

Jambo lilisogea mbele mwaka 2021, pale Andrea Sommese na wenzake wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, mjini Budapest, walipochapisha uchunguzi wa mbwa 40. Kwa muda wa miezi 3 wenye mbwa waliwafundisha majina ya vitu viwili vya kuchezea. Kisha kila mbwa alijaribiwa hivi: vitu viliwekwa katika chumba kingine, bwana akabaki na mbwa wake, akataja jina la kimoja na kumwagiza akilete. Kwa kuwa kitu hakikuonekana, mbwa hakuweza kuongozwa na jicho la bwana wake wala na kidole chake. Alikuwa na neno tu. Mbwa 33 hawakuyashika majina. Saba waliyashika, na wote saba walikuwa wa jamii ile ya mbwa wachunga kondoo itokayo mpakani mwa Uskochi na Uingereza.

Picha zilipotazamwa upya kwa ajili ya shingo peke yake, ilionekana kwamba wale saba walilaza kichwa katika asilimia 43 ya majaribio, na wale wengine katika asilimia 2. Hapa msomaji hana budi kusimama kidogo. Makundi yote mawili yalikuwa yameyasikia maneno yale yale kwa muda wa miezi mitatu, kutoka katika vinywa vya watu waliowapenda. Basi sababu haiwezi kuwa mazoea ya sauti, kwani mazoea waliyapata wote. Wala haiwezi kuwa kutafuta mahali sauti inapotoka, kwani bwana alikuwa pale pale mbele yao wote. Tena kila mbwa alikuwa na upande wake, wa kulia au wa kushoto, na aliushika upande huo mwezi baada ya mwezi, bwana wake awe amesimama wapi. Kilichowatenga ni kwamba kwa saba neno lilikuwa jina la kitu, na kwa thelathini na watatu lilikuwa sauti.

Wachunguzi wenyewe hawakudai zaidi ya kwamba kulaza kichwa kuna uhusiano na kusarifu jambo lenye maana, pengine ni alama ya makini iliyoongezeka, pengine mbwa anaoanisha jina na sura ya kitu kilicho katika kumbukumbu. Walifanya vyema kukomea hapo. Saba ni wachache, na mambo mawili kwenda pamoja si kusema kwamba moja limezaa lingine. Wala wale 33 wasihukumiwe kuwa wajinga: huenda mmoja wao hulaza kichwa nyumbani kila atajiwapo matembezi au chakula, maneno ambayo kwake yana maana tele.

Tahadhari ya namna hii ina asili yake. Mwaka 1894 Conwy Lloyd Morgan, aliyekuwa akifundisha Bristol, aliweka kanuni kwamba tendo la mnyama lisifasiriwe kwa uwezo wa juu wa akili ikiwa uwezo wa chini unatosha kulieleza. Mfano wake mashuhuri ulikuwa mbwa wake mwenyewe, Tony, aliyefungua lango kwa kuinua komeo kwa kichwa. Mpita njia angeapa kwamba mbwa yule amefahamu kazi ya komeo. Morgan alikuwa ameuona mwanzo: Tony alikuwa akichungulia barabarani kati ya vyuma, kichwa kikainua komeo kwa bahati, lango likafunguka; zikapita wiki karibu tatu kabla hajaacha kupapasa penye vyuma visivyohusika. Kulaza kichwa nako kwaweza kukuzwa kwa njia hiyo. Mbwa hufanya mara moja, watu huangua kicheko na kumpa kitoweo, naye hurudia.

Pia yako maradhi. Kichwa kikibaki upande hata pasiposemwa neno, mboni zikachezacheza, mbwa akazunguka mahali pamoja au akaanguka, hayo ni ya sikio la ndani au ya ubongo, na yanamhitaji daktari wa mifugo.

Lakini hatari ya kila siku iko kwa mbwa mzima. Bwana huona kichwa kimelala upande, hukata shauri kwamba amri imefahamika, na isipotimizwa huita ukaidi. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz alijaribu mbwa 14 juu ya ile sura inayoitwa ya hatia. Ilizidi pale bwana alipogomba, awe mbwa amekula kitu alichokatazwa au hakukila; sura iliyosomwa kama ungamo ilikuwa jibu kwa ukali wa mwenye kusoma.

Kwa kulaza kichwa, mwenye mbwa anaweza kufanya jaribio dogo kabla ya kuhukumu. Ataje jina analodhani linajulikana, kwa sauti ya kawaida, kitu kikiwa chumba kingine. Siku nyingine atamke neno lisilo na maana kwa sauti ile ile, asicheke wala asitoe kitoweo, na aandike kila mara kichwa kilikwenda wapi na ni kitu gani kililetwa. Shingo ikipinda kwa maneno yote mawili, sauti ndiyo iliyomvuta. Ikipinda kwa jina peke yake, na kitu kikaletwa mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu, maana ya pili ya kusikia ina ushahidi. Maana ya tatu bado haijaguswa, kwa sababu mbwa aliyefahamu jina la mpira huenda siku hiyo anataka kamba.