Kisanduku Kitupu

Barua ile niliiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya hasira, nikaichana. Ya pili ilikuwa ya kirasmi mno, yenye "YAH: UZEMBE KATIKA UANDISHI WA KUMBUKUMBU ZA WAGONJWA", na nilipoisoma usiku niliona kuwa neno moja tu la kichwa cha habari lilikuwa si kweli. Hakuwa mzembe. Katika wodi yetu ya wazazi hakuna muuguzi aliyependwa na wagonjwa kama yeye, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kuandika.

Kisa cha kwanza kilitokea wakati wa kukabidhiana zamu. Tulikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba, aliyeanzishiwa magnesiamu salfeti. Baada ya dozi ya kuanzia, mama huchomwa gramu 5 kwenye msuli wa tako kila baada ya saa 4, tako moja dozi hii, jingine dozi inayofuata. Sindano yake ilikuwa ni ya saa 2 usiku. Mdogo wangu huyu, kwa kuwa alitaka kumwachia mwenzake kazi nyepesi, alimchoma saa 2 kasoro dakika 15, akafunga mkoba, akawahi daladala. Kwenye chati ya dawa dozi ya mwisho ilibaki ile ya saa 10 jioni.

Muuguzi wa usiku akasoma chati, akaona saa imefika, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Kabla ya kuchoma alifanya anachopaswa kufanya: akahesabu pumzi, zilikuwa 18 kwa dakika na zisipungue 16, akagonga goti, mguu ukaruka, akatazama mfuko wa mkojo, ulikuwa unajaa vizuri. Kila kitu kilimruhusu aendelee. Tatizo ni kwamba dawa iliyochomwa kwenye msuli huingia kwenye damu polepole. Mtu aliyechomwa dakika 20 zilizopita anaweza kupumua vizuri na goti lake likaruka, halafu dozi ya pili ikamkuta ya kwanza ikiwa bado inapanda. Dawa ikizidi, goti ndilo linalonyamaza kwanza, kisha pumzi.

Kilichomzuia ni kipande cha pamba kilichobandikwa plasta kwenye tako, bado kibichi. Mama mwenyewe alikuwa na usingizi mzito, hakuweza kuulizwa. Simu ya mwenzake haikupokelewa. Akaiweka sindano pembeni, akasogeza kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo ya kupooza magnesiamu ikizidi, akakaa pale akihesabu pumzi kila robo saa. Simu ikapokelewa saa 3 kasoro. "Nilishamchoma, dada. Jamani, sikuandika?"

Sisi wauguzi tunafundishwa tangu chuoni: kama hukuandika, hukufanya. Nimeirudia sentensi hiyo kwa wanafunzi wengi. Usiku ule niliona kuwa ni sentensi ya mahakamani, haifai wodini. Wakili anaweza kusema haikufanyika. Mwili wa yule mama ulikuwa unajua kuwa imefanyika, na hatari yote ilitoka hapo: dawa ilikuwa ndani ya msuli huku karatasi ikisema haipo. Kwa hiyo sikuweza kumwandikia kwamba hakumhudumia mgonjwa. Alimhudumia, kisha akaondoka na nusu ya huduma kichwani mwake, akapanda nayo daladala.

Kisa cha pili kilikuwa cha aina hiyo hiyo, sitakirefusha. Cha tatu ndicho kilichobadilisha barua.

Mama aliyejifungua kwa operesheni hupimwa presha na mapigo kila dakika 15 katika saa ya kwanza akirudi wodini. Nilikuta chati ya mama mmoja imejaa vizuri kabisa. Wino wa kalamu moja, mwandiko usiotetereka, mapigo 80, 80, 82, 80, presha 110/70 kutoka juu hadi chini. Mstari wa kwanza ulisema saa 7:15 mchana. Daftari la chumba cha upasuaji linasema mama huyo alitolewa humo saa 7:40.

Nilikaa na chati ile muda mrefu. Je, kosa hili ni lile lile, limekua tu? Kwa mtazamo wa ofisi ndiyo, yote huitwa kumbukumbu mbovu. Mimi nilianza kuona ni vitu viwili. Kisanduku kitupu kinamwacha anayefuata na shaka, na shaka ndiyo iliyomwokoa mama wa kifafa cha mimba. Kisanduku kilichojazwa kutoka kichwani kinamnyang'anya mwenzako hata hiyo shaka. Mama akivuja damu ndani kwa ndani, mapigo yake yatapanda kabla presha haijashuka, na yule atakayepima 104 jioni hataweza kujua kama yamepanda sasa hivi au yamekuwa hivyo tangu mchana, kwa sababu mtu ameandika 80.

Nikamwita nikamuuliza, bila barua. Hakubisha. Alisema siku ile walikuwa wawili kwa vitanda vyote, mashine ya presha ilikuwa moja, na akamalizia kwa sauti ndogo: "Dada, Jumatatu unapopita, unachokagua ni visanduku vitupu."

Ni kweli. Kila Jumatatu napita na kalamu nyekundu, nazungushia duara palipo wazi, nasoma majina mbele ya wenzao. Sijawahi kuzungushia duara chati iliyojaa kupita kiasi. Nilimfundisha kujaza.

Hilo halikumfutia kosa, na katika barua ya tatu sikulifuta. Niliandika tarehe tatu, na kwa kila tarehe kile nilichokiona kwenye karatasi, bila neno "siku zote" wala "kawaida yako". Niliandika kuwa makosa mawili ya kwanza ni ya kusahau na tutayashughulikia pamoja: chati itaning'inia kitandani badala ya kukaa mezani kwa wauguzi, dawa itaandikwa kabla bomba la sindano halijatupwa, na kwa wiki mbili tutapitia mafaili mawili pamoja mwisho wa zamu, mimi na yeye, hata kama nitachelewa nyumbani. Akikumbuka baadaye, aandike saa anayoandika na saa aliyofanya, aweke saini. Akikosea, apige mstari mmoja unaosomeka chini yake, asifute.

Kuhusu la tatu niliandika hivi: "Namba ambayo hukuipima usiiandike tena. Ikitokea mara nyingine sitaandika barua, nitalipeleka kwa metroni, na utakuwa umeniacha bila cha kukutetea nacho. Ukishindwa kupima, acha wazi na uandike sababu: mashine ilikuwa kitanda kingine, ulikuwa peke yako. Hutasomwa jina kwa kisanduku cha namna hiyo." Juu niliweka "Ndugu", kwa sababu nakala inakwenda kwenye faili lake. Chini, kwenye nakala yake tu, niliongeza kwa mkono: mdogo wangu, mama wa kitanda cha tatu amekuulizia.

Aliisoma amesimama. Akauliza kama ile sentensi ya kuacha wazi ninaimaanisha, maana kuna takwimu za mwisho wa mwezi zinazokwenda juu na jina langu chini yake. Nikasema ninaimaanisha.

Mwezi uliofuata wodi yetu ilikuwa na visanduku vitupu vingi kuliko tangu nianze kuiongoza. Pembeni ya vingi vyao, kwa miandiko mbalimbali, kumeandikwa: mashine moja. Nimeweka saini, nimeambatanisha na ombi la mashine ya pili, na nimeitwa ofisini Alhamisi.