Ananitania au Ananitukana?

Wenyeji wetu Watanzania wana kitu kinaitwa utani wa makabila, na mtu akifika hapa Kigoma kutoka ng'ambo ya ziwa kinamshangaza. Mgogo na Mhehe wanakutana kwenye basi, hawajawahi kuonana, na dakika ya pili Mhehe anaulizwa kama mbwa wa jirani bado yupo au ameshaingia chunguni. Yeye anajibu kwamba Mgogo asiwe na wasiwasi, mfupa atawekewa, maana anajulikana kwa kuomba. Basi zima linacheka. Mpare na Mchaga ni hivyo hivyo, Msukuma na Mzaramo pia. Hakuna anayeshika shati la mwenzake.

Ukiuliza ilianzaje, wazee watakutajia vita vya zamani vilivyoisha kwa mapatano, ama njia za misafara. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea na mizigo miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakipita katika nchi za watu wengine. Mtu akiugua njiani, akifa njiani, nani atamzika? Mtani. Ndiyo sababu utani wa zamani ulikuwa na kazi ndani yake. Kwenye msiba mtani alikuwa na ruhusa ya kumwigiza marehemu, kuwachekesha wafiwa, hata kudai kitu na kupewa, lakini huyo huyo ndiye aliyeshika jembe na kufanya zile kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Matusi na jembe vilikwenda pamoja.

Sasa sisi hapa Nyarugusu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya sisi tuliotoka Kongo, na kuanzia 2015 Warundi wengi wakaletwa. Mtu wa Fizi na mtu wa Makamba hawakuachiwa na babu zao mapatano yoyote ya kutaniana. Hakuna ruhusa iliyokwisha tolewa. Na bado watu wanataniana kila siku, kwenye bomba, kwenye foleni ya posho, kwenye mpira. Kwa hiyo kila mgeni anabaki na swali ambalo Mhehe kwenye basi hana: huyu ananifungulia mlango au ananifungia?

Wengi wanajibu swali hili kwa kupima ukali wa maneno. Neno laini, rafiki. Neno kali, adui. Mimi naona kipimo hicho kinadanganya. Wapo wanaokuita "bosi" kwa sauti tamu na hawataki kukuona, na wapo wanaokuita mwizi wa kuku na watakulea mtoto. Ningeangalia kitu kingine: je, utani huo umekuachia nafasi ya kujibu? Na ukishajibu, kinatokea nini?

Nieleze kwa mafundi cherehani watatu ninaowafahamu, Wakongomani, wanaoshona chini ya kibanda kimoja. Alikuja Mrundi mmoja, kijana, ana cherehani yake, akaomba kona. Wakampa. Siku ya kwanza wakaona anafanya kazi kimya, kama Warundi wengi wanavyosemwa. Mmoja akamwambia, "Weye, uko unashona ama uko unasali?" Wote wakacheka. Kijana akatabasamu, hakusema kitu. Kesho yake tena: huyu anashona suruali kwa kunong'ona, mteja akiivaa haitasikika ikipita. Siku ya tatu akajibu, bila kuinua kichwa, "Nyinyi mnaimba ili mteja asisikie sindano ikikatika."

Hapo ndipo pa kutazama. Yule aliyechokozwa amerudisha jiwe, la ukubwa ule ule, kuhusu jambo lile lile, yaani kazi. Wale watatu walicheka zaidi kuliko walivyocheka utani wao wenyewe, na mkubwa wao, ambaye wote wanamwita Papa, akalirudia jibu hilo kwa kila mteja aliyekuja siku hiyo, akisema, "Musikie vile huyu mutoto alitujibu." Mtu anayebeba jibu lako na kulitangaza, huku likimchoma yeye mwenyewe, huyo amekukaribisha. Hakuna barua ya mwaliko iliyo wazi kuliko hiyo.

Halafu wakamficha mkasi. Mchezo huu mafundi wote wanaujua. Alitafuta chini ya meza, alitafuta mfukoni, wao wanaangalia pembeni. Mteja wake alipoonekana kwa mbali anakuja, mkasi ulikuwa umerudi juu ya kitambaa. Angalia vizuri saa ya kurudi. Wangeuacha umefichwa mpaka mteja akasirike na kuondoka, ule usingekuwa utani tena, ungekuwa ni kumnyang'anya mtu chakula. Anayekutania kwa wema anajua mzaha unaishia wapi, na anapaona kabla hujamwonyesha.

Wanatafuta nini, kwani? Nafikiri wanataka kujua mambo ambayo hawawezi kuyauliza kwa mdomo. Huyu akikasirika anakwenda wapi: anakuja kwetu au anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi? Kambini neno dogo linaweza kutembea mbali. Watu watano wanaokaa kibanda kimoja wanasikia siri za kila mmoja, nani ana deni, nani ametoka nje ya kambi bila kibali. Huwezi kumwuliza mgeni, "Je, wewe ni mtu wa kushtaki?" Atasema hapana. Unamficha mkasi, unaona. Na yeye pia anawapima. Anaona nani anacheka mpaka mwisho, nani anaangalia uso wake kwanza kabla ya kucheka.

Siku moja mmoja wa wale mafundi alivuka. Alisema neno kuhusu kabila la kijana, lile neno ambalo kwao liliwahi kutangulia mapanga. Sitaliandika. Kijana hakujibu, na hapakuwa na jibu la ukubwa ule. Papa aliacha kukanyaga cherehani. Akasema tu, "Iyo hapana." Yule aliyesema akaona, akanyamaza, jioni akamletea mwenzake kikombe cha chai bila kueleza ni ya nini. Kesho yake utani ukarudi kwenye nyuzi na vifungo.

Nakaa hapo kidogo kwa sababu watu wengi wanafikiri utani mzuri ni ule usiokosea kamwe. Hapana. Anayeanza urafiki anatupa maneno gizani, mengine yatampiga mtu kwenye kidonda. Tofauti inaonekana katika dakika inayofuata. Mmoja akiona uso wako umebadilika, na wake unabadilika. Mwingine anaongeza, "Aa, kumbe wewe huna utani!" Huyu wa pili amekuumiza, kisha amekuletea lawama ya kuumia. Na lile neno "nilikuwa natania tu" nalo lina pande mbili. Likitangulia malalamiko yako, likaja na aibu, ni kuomba msamaha. Likija baada ya kulalamika, ni ukuta wa kujificha.

Upande wa pili wa jambo niliuona kwenye bomba moja. Mama aliyefika karibuni alikuwa anakuja na viatu safi, basi wanawake wakamwita "Madamu". Ukisikia jina tu, halina ubaya. Nimesikia mabaya kuliko hayo kati ya marafiki. Lakini mama huyo alipojibu, kwamba Madamu amechoka kusimama, nani atamletea kiti, hakuna aliyecheka. Walitazamana. Jibu lake lilianguka chini kama ndoo tupu. Jina lenyewe lilisemwa zaidi akiwa ameondoka. Walikuwa wanaongeza maneno kwa lugha yao, na alipouliza maana yake aliambiwa, "Si kitu." Na ndoo yake, ambayo ingepaswa kuwa ya sita, kila asubuhi ilijikuta ya kumi.

Mimi ningeamini ndoo kuliko jina. Ukitaka kujua kama wanaokucheka wanakutaka, angalia kama ukienda kumchukua mtoto shuleni nafasi yako kwenye mstari inalindwa. Angalia kama utani wa lugha usiyoijua unatafsiriwa. Kumtafsiria mtu utani ni kazi, utani unapoteza ladha njiani, na mwenye kuifanya kazi hiyo anataka ucheke naye. Yule mama alifanya vizuri, kwa maoni yangu, alipoacha kujibu na kuanza kwenda bomba lingine ambako ilimbidi atembee zaidi. Si kila mlango unaofungwa unapaswa kugongwa.

Niseme na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana najua mnasoma kijarida hiki. Mnataniwa pia. Mtanzania kutoka Dodoma anaitwa mzungu kwa sababu ya gari na chupa ya maji. Mnaulizwa kama miguu yenu bado inakumbuka kutembea. Mara nyingi huo ni mlango, na mtu anayejibu kwamba miguu ipo, imeazimwa na ofisi, ataitiwa chai. Lakini kwenda upande wa pili ni jambo jingine. Ukiwa umeshika orodha ya majina, usimtanie mtu kwamba jina lake halimo. Usimtanie kuhusu kadi ya posho, wala kuhusu kesi yake ya kwenda nchi ya tatu. Atacheka, ndiyo. Atacheka sana. Ila hana jibu la ukubwa huo la kukurudishia, kwa hiyo kicheko chake hakikuambii chochote. Kama unataka kujua mnapendana, subiri siku ambayo kalamu iko mkononi mwake, labda kwenye mpira anapohesabu magoli yako, hapo mtaniane mpaka jua lizame.

Yule kijana Mrundi alifiwa na mama mkwe wake mwaka jana, hapa hapa kambini. Mafundi watatu walifunga kibanda. Yule aliyekuwa amevuka ndiye aliyefika wa kwanza, ana mzigo wa kuni kichwani, na alikaa siku zote akichota maji na kuchochea moto. Usiku wa pili, watu wamekaa kimya kuzunguka jivu, alisema kwa sauti ya chini kwamba mama huyu alikuwa mteja wake, alikufa na deni la kitenge, na sasa itabidi alifuate mwenyewe huko huko alikokwenda. Watu waliokuwa mbali walishtuka. Kijana alicheka mpaka akalia, na mke wake, binti wa marehemu, akasema deni hilo limelipwa, mama alilipa kwa kuvumilia ule mshono.