Namba Ambayo Si Yako Kuiandika

Mfikirie kijana aliyetumwa na ofisi yake kutoka Dodoma kwenda vijiji vya Kondoa kwa siku mbili. Njiani amenunua karatasi na wino wa printa kwa shilingi 42,000, akapewa risiti ya mashine ya EFD. Kisha amezunguka kutwa kwa bodaboda, kijiji hadi kijiji, akalipa shilingi 30,000, na mwenye bodaboda hana risiti ya kumpa. Mfukoni mwake zimetoka shilingi 72,000, lakini karatasi aliyonayo inasema 42,000. Usiku, akiwa nyumba ya wageni, anaipiga picha ile risiti, anaifungua kwenye programu ya simu, anafuta 4 na kuweka 7. Asubuhi anaituma kwa mhasibu.

Nimechagua mfano huu kwa sababu ndani yake hakuna mwizi. Kijana anadai fedha alizotumia kweli, kwa kazi ya kweli, na hataongezewa hata shilingi moja ya haramu. Kama kosa la kughushi lingekuwa ni kujipatia kisicho chako, huyu angekuwa hana kosa. Hata hivyo ameghushi, na sababu ya kusema hivyo inatuonyesha hati ni kitu gani hasa.

Tumezoea kuiona risiti kama taarifa kuhusu fedha: kiasi fulani kimetoka, kitu fulani kimenunuliwa. Lakini taarifa hiyo kijana angeweza kuitoa mwenyewe kwa mdomo. Mhasibu anataka risiti kwa sababu anataka kumsikia mtu mwingine, yaani muuzaji, asiyefaidika na marejesho yale. Risiti ni kauli ya muuzaji iliyowekwa kwenye karatasi ili iweze kusafiri bila yeye. Anachosema ni hiki: siku hii, saa hii, nilipokea shilingi 42,000. Ukiigeuza 4 kuwa 7 umemfanya muuzaji aseme jambo ambalo hakulisema, huku jina lake, namba yake ya mlipakodi na namba ya mashine yake vikiwa vimebaki palepale kumthibitisha. Kuwa jumla ya 72,000 ni kweli katika maisha ya kijana hakusaidii, maana muuzaji hakuwahi kuisema.

Sheria inakiona kitu hichohicho. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 333, inasema kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Kifungu cha 335 kinaeleza hati ya uongo hutengenezwaje, na njia mojawapo ni kuibadilisha hati bila mamlaka, kwa namna ambayo, kama badiliko hilo lingeruhusiwa, lingegeuza nguvu ya hati yenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina maana hiyohiyo. Angalia kipimo kilichotumika. Sheria haiulizi umebadilisha tarakimu ngapi wala umetumia wembe au simu. Inauliza kama ulikuwa na mamlaka, na kama hati sasa inafanya kazi tofauti na ile iliyofanya ilipotoka mkononi mwa aliyeitoa. Adhabu ya jumla kwa kosa hili Tanzania inaweza kufika kifungo cha miaka 7.

Lugha yetu nayo ililijua jambo hili kabla ya simu. Kughushi kwa asili ni kuchanganya kitu kizuri na kisicho chake, kama maji ndani ya maziwa. Anayetia maji kwenye maziwa habadilishi chupa, na ubaya wake uko hapo: ungebadilisha chupa, mnunuzi angejua.

Turudi kwenye ile risiti, tuone inavyojisaliti. Risiti ya EFD haina namba moja ya fedha. Kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, bei ya 42,000 hugawanyika kuwa 35,593.22 kabla ya kodi na 6,406.78 ya kodi. Ukiandika 72,000 juu ya jumla pekee, mhasibu mwenye kikokotoo atagawanya kwa 1.18, atapata 61,016.95, na atashangaa kwa nini risiti inasema 35,593.22. Hata ukizibadilisha zote tatu, chini yake kuna kodi ya kuhakiki na alama ya kuskani. Akiiingiza ile kodi kwenye verify.tra.go.tz, risiti itatokea kama mashine ilivyoitoa, ikiwa na 42,000.

Lakini tatizo si kukamatwa tu. Chukulia mhasibu haihakiki, karatasi inaingia kwenye faili, na miezi kadhaa baadaye mkaguzi anakuta risiti ya 72,000 ya duka ambalo kumbukumbu za kodi zinaonyesha liliuza kwa 42,000. Swali la kwanza litamwelekea nani? Muuzaji, ambaye sasa anaonekana kama mtu aliyeficha mauzo ya 30,000 na kodi ya shilingi 4,576.27. Hakuwepo kwenye nyumba ya wageni usiku ule, hakuulizwa, na kauli yake imetumika dhidi yake.

Na vyeti je? Mwezi Aprili mwaka 2017, kwenye Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule uliwezekana kwa sababu cheti ni kivuli cha daftari. Matokeo yenyewe yamo kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani, na karatasi ya mwanafunzi ni nakala ya yale ambayo Baraza linayasema juu yake. Unaweza kukibadilisha kivuli, lakini kile kinachokitoa kimebaki kilivyo.

Kitambulisho cha taifa kinaonyesha hilo ndani ya kadi ileile. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa 1996 akiisoma nafasi ya kazi yenye ukomo wa miaka 25, akaibadilisha picha ya kadi isomeke 1999, atakuwa na kadi inayobishana na yenyewe: tarehe inasema 1999 na namba inaanza na 1996. Akizibadilisha na zile tarakimu nane, atakuwa ametunga namba isiyo yake, ambayo ama si ya mtu yeyote au ni ya mtu mwingine.

Hapa kijana msomi huuliza, na ana haki: basi nisiguse kabisa picha ya hati? Kila siku tunatakiwa kupakia vyeti kwenye mifumo ya maombi, na picha ya simu hutoka imepinda, ina kivuli cha mkono, na ni nzito kuliko mfumo unavyoruhusu. Kuinyoosha, kukata kingo zinazoonyesha meza, kuongeza mwanga, kupunguza uzito wa faili, kuigeuza kuwa PDF, kuunganisha picha mbili za risiti ndefu bila kuruka mstari, yote hayo ni halali. Aliyetoa hati anasema kilekile alichosema, ila anasikika vizuri zaidi.

Risiti iliyofifia ni mfano mzuri wa mpaka. Karatasi ya risiti huchapwa kwa joto, na ikikaa garini au kwenye pochi huanza kupauka. Kuongeza ukolezi wa picha ili tarakimu zilizofifia zionekane ni halali, kwa sababu unachokitoa kilikuwemo. Kuchapa upya juu yake tarakimu unayoikumbuka ni kughushi, hata kama kumbukumbu yako ni sahihi, kwa sababu sasa anayesema ni wewe kwa sauti ya muuzaji.

Kuziba namba pia kuna pande mbili. Mwenye nyumba akitaka kuona jina na picha yako, unaweza kuifunika namba ya kitambulisho kwa kisanduku cheusi, na juu ya picha ukaandika kwamba nakala hii ni ya maombi ya pango tu. Kisanduku kinaonekana, na kila mtu anajua kuna kitu kimefichwa. Kifanye kuwa cheusi kabisa, maana kalamu ya kuchorea ya simu nyingi hupitisha mwanga, na mtu akiongeza mwanga wa picha anaisoma namba chini yake. Lakini ukifunika alama F ya somo moja kwa kipande chenye rangi ya karatasi, hujaficha tu, umemfanya mtazamaji aamini hakuna kilichofichwa.

Vivyo hivyo kukata. Kukata meza nje ya picha hakuna neno. Kukata mstari wa chini wenye tarehe ya mwisho ya leseni ni kughushi kwa kidole kilekile na kitufe kilekile. Ndiyo maana orodha ya vitufe vizuri na vibaya haiwezi kutengenezwa.

Kinachoweza kutengenezwa ni maswali mawili. La kwanza: baada ya nilichofanya, je, aliyeitoa hati bado anasema kilekile? La pili: nikimwambia anayeipokea kila nilichofanya, je, ataendelea kuitegemea? Mwambie mwajiri umeongeza mwanga, atakushukuru. Mwambie umenyoosha mwaka wa kuzaliwa, atafunga faili.

Mtihani mgumu wa maswali haya ni pale hati yenyewe inapokosea. Cheti kimeandika Mwanaidi kuwa Mwanaida, na mwenye jina anajua kwa yakini lipi ni lake. Kubadilisha herufi moja kungeleta ukweli, na njia halali inamtaka aende kwa mamlaka iliyokitoa, au aape kiapo cha majina, apoteze siku na nauli. Inauma, lakini kiapo kina kitu ambacho herufi iliyofutwa haina: ni yeye anayesema, kwa jina lake na kwa saini yake, na anayesikiliza anajua anamsikiliza nani. Mlango huohuo ulikuwa wazi kwa bodaboda za Kondoa. Maelezo ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, vijiji, kiasi na saini, yangekuwa ushahidi dhaifu kuliko risiti, na huenda ofisi ingeyakataa na 30,000 zikapotea. Hiyo ingekuwa dhuluma ya ofisi, na inafaa kupigiwa kelele. Lakini dhuluma ya ofisi haimpi mtu mamlaka juu ya kauli ya mwenye duka.