Fyuzi Iliyokuwa Ikificha Kosa

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita wa saratani huko Marekani na Kanada waliunguzwa na mashine iliyokusudiwa kuwaponya. Baadhi yao walikufa kwa majeraha hayo. Mashine hiyo iliitwa Therac-25, na ilitengenezwa na AECL, kampuni ya serikali ya Kanada. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kila tukio lilitanguliwa na dalili. Watu walioziona dalili hizo hawakuwa wazembe kuliko mimi au wewe. Walikuwa wamezizoea tu.

Kwanza tuelewe mashine yenyewe. Ilitibu kwa njia mbili. Kwa uvimbe ulio karibu na ngozi ilitoa mwale hafifu wa elektroni. Kwa uvimbe ulio ndani zaidi ilitoa eksirei, na ili kuzipata ilibidi elektroni zitoke kwa wingi wa mara 100 hivi, zigonge bamba la chuma, ndipo eksirei zizaliwe upande wa pili. Sahani ya kuzunguka ndiyo iliyoleta bamba hilo mbele ya mwale au kuliondoa. Hatari ilikuwa hapo: nguvu ya eksirei ikitoka wakati bamba halipo, mgonjwa anapigwa na mwale wote.

Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilizuia hatari hiyo kwa swichi na fyuzi. Mambo yasipooana, fyuzi ilikatika na mwale haukutoka. Katika Therac-25 wabunifu waliacha vizuizi hivyo na kuikabidhi programu ya kompyuta kazi ya ulinzi. Sehemu za programu hiyo zilirithiwa kutoka mashine za zamani, na waliziamini kwa kuwa hazikuwa zimemdhuru mtu. Hata uchambuzi wa usalama uliofanywa mwaka 1983 haukuhesabu makosa ya programu yenyewe, kana kwamba kisichochakaa hakiwezi kuwa na ubovu.

Lakini ubovu ulikuwemo. Mhudumu alipomaliza kuandika maelezo ya tiba, mashine ilianza kupanga sumaku zake, kazi iliyochukua takribani sekunde 8. Mhudumu akirudi juu na kubadili aina ya tiba ndani ya sekunde hizo, sehemu moja ya programu iliyaona mabadiliko na nyingine haikuyaona. Sahani ilizunguka kwenda mahali pa elektroni, huku nguvu ikibaki ile ya eksirei. Kwa mtu aandikaye polepole kosa hili halikutokea kamwe. Lilimngoja mhudumu aliyeizoea kazi na mwenye vidole vyepesi.

Mhudumu huyo alipatikana katika mji wa Tyler, Texas, tarehe 21 Machi 1986. Aliandika "x" ya eksirei badala ya "e" ya elektroni, akagundua, akarudi haraka kusahihisha. Skrini ilionyesha kila kitu kiko sawa. Alipowasha mwale, mashine ilisimama na kuandika MALFUNCTION 54, ikionyesha kwamba mgonjwa amepata dozi ndogo mno. Alibonyeza "P" ili kuendelea, kama alivyokuwa amefanya mara nyingi. Ndani ya chumba, mgonjwa alikuwa amekwisha kuhisi kama amepigwa na umeme. Alipojaribu kuinuka, pigo la pili likamkuta. Siku hiyo kamera ya chumba ilikuwa imechomolewa na chombo cha kusikilizia kilikuwa kibovu, hivyo mhudumu hakujua lolote mpaka mgonjwa alipoanza kugonga mlango. Baadaye ilikadiriwa kwamba alipokea dozi ya takribani mara 90 ya ile aliyoandikiwa, pengine zaidi.

Sasa tuziangalie dalili, maana humo ndimo lilimo funzo.

Ya kwanza ilikuwa ujumbe usioeleweka. Kitabu cha mashine hakikueleza namba 54 ina maana gani. Mashine ilisimama mara kwa mara kwa sababu ndogondogo, siku nyingine hata mara 40, na karibu kila mara kubonyeza "P" hakukuleta madhara. Kwa hiyo wahudumu walifundishwa na mashine yenyewe kutoijali. Huko Hamilton, Kanada, mwezi Julai 1985, mhudumu aliona skrini ikisema hakuna dozi iliyotoka, akaendelea kubonyeza hadi mashine ilipojifunga baada ya mara ya tano. Mgonjwa alikuwa ameungua nyonga.

Ya pili ilikuwa majibu ya haraka mno. Baada ya tukio la Hamilton, kampuni ilishuku swichi ndogo, ingawa haikuweza kulirudia kosa lenyewe. Ilirekebisha sehemu hiyo, kisha ikatangaza kwamba usalama umeongezeka angalau mara 100,000. Hospitali ya Yakima, jimbo la Washington, ilipoandika kuhusu ngozi ya mgonjwa iliyobabuka kwa mistari, ilijibiwa kwamba mashine haiwezi kufanya hivyo na kwamba hakuna kisa kingine kama hicho. Tyler nao waliambiwa dozi kubwa haiwezekani. Mashine ilirudishwa kazini tarehe 7 Aprili, na siku nne baadaye mgonjwa mwingine aliungua chini ya mhudumu yuleyule na ujumbe uleule. Ndipo mwanafizikia wa hospitali na mhudumu wake walipokaa mbele ya mashine na kurudia hatua zote mpaka 54 ikatokea tena mbele ya macho yao. Walichogundua ni kwamba kasi ya kuandika ndiyo iliyoliamsha kosa.

Dalili ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, fyuzi za Therac-20 zilikuwa zikikatika ovyo kila wanafunzi wapya walipoanza kuitumia, kisha hali ikatulia. Habari za Tyler zilipofika, mwanafizikia wa huko alichunguza na kukuta kosa lilelile. Lilikuwa ndani ya mashine ya zamani muda wote, ila fyuzi ililizuia lisimfikie mgonjwa. Wabunifu waliona mgonjwa hadhuriki, wakadhani programu ni nzima.

Sisi nasi ni hodari wa jambo hili. Fyuzi ya nyumbani ikikatika kila wiki, tunaweka kipande cha waya, taa zinawaka, na tunamsifu fundi. Hatuulizi fyuzi ilikuwa ikitukinga na nini.

Hata marekebisho ya mwanzo ya Therac-25 yalikuwa ya waya: hospitali ziliagizwa kung'oa kitufe cha mshale wa kurudi juu na kuziba swichi yake kwa utepe. Januari 1987 mgonjwa mwingine aliungua Yakima, safari hii kwa kosa jingine kabisa la programu. Baada ya hapo ndipo vizuizi vya umeme visivyotegemea programu vilipoongezwa.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaondoa kinga yoyote, hesabu kwanza ni mara ngapi imefanya kazi, na kwa nini. Ujumbe usioujua maana ukijirudia, uandike pamoja na saa na ulichokuwa ukifanya, hata kama kazi imeendelea. Na ukiambiwa ni wewe peke yako uliyepatwa na tatizo hilo, watafute wengine wanaotumia chombo kama chako uwaulize mwenyewe. Hospitali za Hamilton, Yakima na Tyler zingezungumza mapema, kila moja ingejua kwamba haiko peke yake.