Jina Lililofichwa Tumboni mwa Ra

Ra alikuwa amezeeka. Mdomo ulimtetemeka, mate yakamdondoka ardhini, na Isis akayazoa pamoja na udongo yaliouangukia. Akaukanda udongo ule, akafinyanga nyoka, akamlaza kwenye njia ambayo mungu huyo wa jua alipita kila siku kuitazama milki yake. Nyoka akamuuma. Ra akaungua mwili mzima kwa sumu asiyoitambua, akawaita miungu wenzake wamfae. Isis akaja na uso wa huruma, akamwambia kwamba tiba anayo, ila amtajie kwanza jina lake.

Kisa hiki kimo katika mafunjo yaliyohifadhiwa Turin, Italia, yaliyoandikwa zama za nasaba ya 19 ya Misri, yapata karne ya 13 kabla ya Kristo. Dhana yenyewe imeenea mno: mashujaa wa ngano huzuia mazimwi kwa kuyataja, na waandishi wa riwaya za kichawi hawachoki kuitumia. Lakini hapa swali limewekwa wazi kuliko kwingine. Mtu akilijua jina la kiumbe, amejua nini hasa? Na kwa nini kujua huko kumpe mamlaka?

Tuangalie Ra alivyojibu. Hakukataa kujitaja. Alijitaja sana. Alisema yeye ndiye aliyeziumba mbingu na ardhi, akaifunga milima, akayaleta maji; akifumbua macho kunakucha, akiyafumba kunakuwa giza. Kisha akataja majina yake matatu: asubuhi ni Khepri, adhuhuri ni Ra, jioni ni Atum. Sumu haikutoka. Isis akamwambia kwamba jina lake halimo katika yote aliyoyataja.

Jibu hilo la Isis lina falsafa nzima ndani yake. Kila alichokisema Ra kilikuwa kweli, na bado hakikutosha. Alichokitoa ni orodha ya vitendo na vyeo, yaani mambo ambayo ulimwengu mzima uliyaona kila kunapokucha. Sifa ya namna hiyo inamweleza mtu kwa kazi anayoifanya, na kazi inaweza kurithiwa au kupokonywa. Mwanafalsafa Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa Princeton mwaka 1970, aliligusa jambo hili bila uchawi wowote. Alisema kwamba jina la mtu halifungwi na sifa zake. Aristotle angeweza kufa mtoto mchanga, asimfundishe yeyote wala asiandike chochote, na bado angekuwa Aristotle. Jina linamshika mwenyewe hata sifa zote zikipukutika. Isis alikuwa akilitafuta hilo hasa: si Ra afanyaye nini, bali Ra yupi, akiwa hafanyi lolote.

Wako waliosema kwamba haya yote ni makosa ya akili changa. James Frazer, katika kitabu chake kikubwa cha ngano na mila kilichoanza kutoka mwaka 1890, alidai kwamba watu wa kale hawakutenganisha jina na kitu. Kwao jina lilikuwa kiungo cha mwili kama ukucha au unywele, hivyo aliyelishika jina alimshika mwenyewe. Maelezo hayo yanaridhisha hadi mtu ausome waraka wa Turin mpaka mwisho. Ra anakubali jina litoke tumboni mwake liingie tumboni mwa Isis, sumu inatoka, anapona, na msomaji haambiwi jina lenyewe. Halikuandikwa popote.

Basi hapo pana kikwazo kwa Frazer, kwa sababu waraka huu haukuwa hadithi ya kuburudisha. Ulikuwa dawa. Baada ya kisa yanafuata maelekezo kwa mtibabu wa watu walioumwa na wadudu wenye sumu: maneno yasomwe juu ya michoro ya Atum, Isis na Horus, michoro ichorwe mkononi mwa mgonjwa naye airambe, mmea maalumu usagwe ndani ya bia au divai anywe. Mtibabu hakulijua jina la Ra, mgonjwa hakulijua, na tiba ilitarajiwa kufanya kazi. Ingekuwa nguvu imo katika sauti ya jina, waraka huo usingekuwa na maana kwa yeyote. Kilichosomwa juu ya mgonjwa ni habari kwamba yupo mmoja ajuaye. Nguvu, basi, iko katika mahali anaposimama huyo ajuaye.

Mahali hapo ni wapi? Ra mwenyewe alikwisha kusema, katikati ya kilio chake. Aliwaambia miungu kwamba jina lake alipewa na baba na mama, nalo likafichwa mwilini mwake tangu kuzaliwa, ili asije mchawi yeyote akapata uwezo juu yake. Ajabu ni kwamba muumba wa vyote ana wazazi. Msimuliaji hakujali mkanganyiko huo, kwa sababu hoja yake ilimhitaji Ra aliyewahi kuwa mtoto. Jina ni kitu cha kwanza ambacho kiumbe hupewa, nacho hupewa kabla hajaweza kukataa. Limeitangulia kila nguvu aliyoipata baadaye. Anayekuita kwa vyeo anazungumza na uwezo wako. Anayekuita kwa jina hilo anazungumza nawe kama ulivyokuwa siku ambayo uwezo huo haukuwepo. Kulijua jina la kweli ni kusimama pale waliposimama wazazi.

Jambo hili halihitaji Misri ya kale ili lieleweke. Mheshimiwa waziri akirudi kijijini, watu wa rika lake watamwita Mheshimiwa, majirani watamwita Baba fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza, na bibi yake aliyemwogesha utotoni atamwita jina lake tupu mbele ya walinzi. Wala hataweza kufanya neno. Ataitika.

Waganga wa falaki katika mwambao wetu wanafuata mantiki hiyo hiyo, na wao wameifanya hesabu. Anayekwenda kutazamiwa huulizwa mambo mawili: jina lako nani, na la mama yako nani. Herufi za Kiarabu za majina hayo hugeuzwa kuwa tarakimu. Chukua Ali, mtoto wa Mariamu. Ali ni ain 70, lam 30 na ya 10, jumla 110. Mariamu ni mim 40, ra 200, ya 10 na mim tena 40, jumla 290. Zote pamoja ni 400. Zikitolewa kumi na mbili kumi na mbili hubaki 4, na nyota ya nne ni Kaa. Akina Ali ni wengi mno kwa jina moja kumfikia mlengwa. Kinachompambanua huyu na wengine ni aliyemzaa, na ndiyo sababu wazee wengi hawapendi jina la mama yao kutajwa ovyo mbele ya wasiowajua.

Hata hivyo, mamlaka haya yana mipaka, nayo inaonekana vizuri kilingeni. Katika ngoma za pepo za Unguja na Pemba, fundi hamfukuzi pepo kwanza. Anamuuliza. Kabla ya kuulizwa, pepo ni homa isiyo na sababu, ni kilio cha usiku, ni mimba zinazoharibika: vitendo vitupu, kama orodha ya Ra. Mgonjwa anafukizwa, ngoma zinapigwa, na aliyempanda anatakiwa aseme yeye nani, kabila gani, ametoka wapi na anataka nini. Huenda akawa wa kibuki kutoka upande wa Bukini, au wa kihabeshi, kila mmoja na nguo zake, harufu zake na vyakula vyake. Akinyamaza, hakuna linalokwenda mbele. Akijitaja, mara nyingi haondoki, huanza kudai. Ataka kitambaa cha rangi fulani, ataka pete, ataka chano chake. Mapatano yanafikiwa, na mgonjwa anakuwa kiti chake kwa miaka mingi.

Hapa jina halikumwangamiza mtu. Limemfanya awe na kwao, na mwenye kwao anaweza kubembelezwa, kulaumiwa, kukumbushwa ahadi. Asiye na jina hana wa kumjibu. Tukisema basi kwamba jina linatoa nguvu, tusiifikirie nguvu ya upanga. Ni nguvu ya kumfanya mwingine awajibike kujibu. Isis naye hakumpindua Ra. Jua liliendelea kuchomoza.

Lakini mtu makini ataleta pingamizi. Ikiwa mahali hapo ni pa wazazi, Isis alipataje kupasimamia, naye hakumzaa Ra? Alipaiba. Kulijua jina hakuulizi limejulikanaje. Ursula Le Guin, katika riwaya yake ya mwaka 1968 kuhusu visiwa vya Earthsea, aliliona hilo kwa macho makali. Shujaa wake, Ged, alipewa jina la kweli na mwalimu wake Ogion alipokuwa akivuka mto kuingia utu uzima, na watu wengine wote wakamjua kwa jina la mwewe tu. Ged anapokwenda kukabiliana na joka mkongwe wa Pendor, hana njia ya kumshinda kwa nguvu. Anabahatisha kwamba ndiye joka aliyesomwa katika historia za kale, na anamtamkia: Yevaud. Joka linaganda. Ged hakuwahi kuwapo siku joka hilo lilipopata jina. Alisoma vitabu tu, na vitabu vilitosha.

Anachokifanya Ged na ushindi huo ni kumwapisha. Joka laapa kwa jina lake kwamba halitakwenda visiwa vya watu, na mambo yanaishia hapo. Isis vilevile, kabla ya kupokea jina, anaruhusiwa kumwambia Horus mwanawe peke yake, naye Horus afungwe kwa kiapo. Visa hivi viwili, vilivyotengana kwa zaidi ya miaka elfu tatu, vimekutana kwenye kiapo kwa sababu moja. Mtu akinyang'anywa upanga anaweza kuurudisha kwa vita; jina likishajulikana halirudi tumboni. Kinachobaki ni kumfunga ajuaye.

Le Guin anaongeza njia ya pili. Rafiki wa Ged anayeitwa kwa kawaida Vetch anamtajia jina lake la kweli, Estarriol, bila kuulizwa, wakati Ged amevunjika moyo na hana imani na nafsi yake. Ged naye anamtajia lake. Kuanzia hapo kila mmoja anaweza kumdhuru mwenzake, na kwa hiyo hakuna aliye juu. Hilo linatuonyesha kwamba kujua peke yake hakukuwa hatari. Hatari ni kujua kwa upande mmoja, mmoja akimwita mwenzake kwa jina la utotoni ilhali yeye mwenyewe hajulikani ila kwa vyeo. Ra alikosa kinga kwa sababu hakuwa na la kumuuliza Isis.