Anayeomba Sura Nzima

Katika maduka ya saiba ya Kerugoya, kuanzia yale yanayowahudumia wenye kesi mahakamani hadi yale yanayotegemea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kirinyaga kule Kutus, kazi ya kuchapa imebadilika sura bila sheria yake kubadilika. Zamani mteja alileta karatasi mkononi; siku hizi hutuma faili kwa WhatsApp au kwa baruapepe, aghalabu kurasa za kitabu zilizopigwa picha kwa simu na kuunganishwa kuwa PDF moja, kisha huomba achapiwe sura yote upya, neno kwa neno, ili aweze kuihariri, kuitoa nakala na kuwagawia wenzake. Ombi hilo halitokani na nia mbaya. Anayeliomba huwa na jaribio la kesho, kitabu hakipatikani, na aliyemwazimisha anakitaka. Hata hivyo mhudumu anayelipokea ana maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kugusa kibodi: maandishi haya ni ya nani, na anayeyaomba anahitaji nini hasa.

Swali la kwanza hujibiwa na hakimiliki, yaani haki ambayo mtunzi hupewa na sheria ya kuwa msemaji wa mwisho kuhusu nani anakili, anasambaza, anatafsiri au kurekebisha kazi yake. Nchini Kenya haki hiyo imo katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyorekebishwa mwaka 2019, na husimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Haimlazimu mtunzi kusajili kitabu ili alindwe, kwa kuwa ulinzi huanza pale kazi inapoandikwa, nao huendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba sheria hailindi kitabu kizima peke yake, bali pia sehemu yake kubwa au muhimu. Na sura nzima, yenye mwanzo wake, hoja yake na hitimisho lake, ni vigumu mno kuitetea kuwa kipande kidogo.

Mfano wa karibu unafaa zaidi kuliko wa mbali, na eneo la Mlima Kenya linao. Gakaara wa Wanjaũ, aliyeishi na kufanya kazi Karatina, hakuwa mwandishi tu. Alikuwa pia mpiga chapa na mwuzaji wa vitabu vyake mwenyewe, akivitoa kwa Kikikuyu katika mji ambao mtu akitoka Kerugoya huufikia kwa safari fupi ya matatu. Shajara ya miaka yake ya kizuizini wakati wa hali ya hatari, iliyochapishwa mwaka 1983 kwa jina Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, ilimpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Alifariki mwaka 2001, kwa hiyo ukihesabu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka huo, kitabu chake kinalindwa Kenya hadi mwisho wa mwaka 2051. Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa historia ametuma saiba PDF ya sura moja ya shajara hiyo, akitaka ichapwe yote.

Ishara za kwanza zimo kwenye faili lenyewe. Kurasa zimeinama kidogo, kivuli cha kidole kimeangukia pambizo, nambari za kurasa hazianzi na moja, na juu ya kila ukurasa kuna jina la kitabu au la sura. Ukurasa wa pili wa kitabu, ule wenye alama ya hakimiliki, mwaka, jina la mchapishaji na nambari ya ISBN, karibu kila mara haumo, kwa sababu aliyepiga picha alianzia pale alipokuwa na haja. Mhudumu makini humwomba mteja picha ya ukurasa huo mmoja. Bila ukurasa huo hakuna awezaye kujua ni toleo lipi, wala ni nani wa kuombwa ruhusa. Pengine atagundua kwamba si kitabu cha mtu mwingine hata kidogo, bali ni tasnifu au hadithi ya mteja mwenyewe, na hapo atachapa kwa furaha hadi nukta ya mwisho.

Ikiwa ni kitabu cha mwingine, kuwa na faili si sawa na kuwa na ruhusa. Hata aliyenunua kitabu kwa fedha zake amenunua nakala moja ya kusoma, kuazima na hata kuuza, lakini hakununua haki ya kuzalisha nakala nyingine. Sheria inatambua matumizi ya haki, maana yake ni matumizi ya kiasi yasiyohitaji ruhusa, kwa ajili ya utafiti, matumizi ya mtu binafsi, uhakiki au kuripoti habari, chanzo kikitajwa. Wengi husema kwamba asilimia kumi ya kitabu inaruhusiwa, lakini sheria ya Kenya haikuweka kiwango kama hicho kwa matumizi ya haki. Inayopimwa ni haki ya tendo zima, pamoja na kama nakala mpya inamwondolea mwenye kazi mnunuzi. Mwanafunzi anayenukuu kwa kalamu aya chache katika daftari lake yuko mbali sana na duka linalolipwa kwa kila ukurasa kuzalisha sura ya kugawiwa darasa zima, ingawa wote wawili watasema ni kwa ajili ya masomo.

Hoja ya masomo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Nchini India, wachapishaji watatu wakubwa, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walilishtaki mwaka 2012 duka la fotokopi la Rameshwari lililokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, kwa kutoa nakala za sura mbalimbali zilizofungwa pamoja kuwa kitini cha kozi; Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwa faida ya duka mwaka 2016, na wachapishaji wakaiondoa kesi mwaka uliofuata. Lakini uamuzi huo ulisimama juu ya kifungu cha sheria ya India kinachowaruhusu mwalimu na mwanafunzi kunakili kazi wakati wa mafundisho. Sheria ya Kenya ni finyu zaidi: kwa mkusanyo wa shule au chuo inataja vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, jina la kazi na la mwandishi yakitajwa. Anayetaka Kenya iwe kama India ana hoja nzuri ya kuipeleka bungeni, lakini si sahihi kumtwika mchapaji wa Kerugoya mzigo wa kuibadilisha sheria kwa kibodi chake.

Hata hivyo kumjibu mteja kwamba haiwezekani na kumgeuzia mgongo ni huduma mbovu, na ndipo swali la pili linapoleta tija. Maneno yenyewe yanaweza kuwa mepesi: "Sura hii nzima siwezi kukuchapia, kitabu kina mwenyewe, lakini hebu niambie, mwalimu amewauliza nini?" Mara nyingi jibu huonyesha kwamba mwanafunzi hakuhitaji maneno yote ya sura. Alihitaji kujua vizuizi alivyopitishwa mwandishi na kwa mpangilio gani, au mtazamo wake kuhusu wafungwa wenzake, au aya moja ya kunukuu katika insha. Sheria hailindi ukweli wala wazo. Inalinda namna mtunzi alivyovieleza. Tarehe, majina ya kambi na mfuatano wa matukio si mali ya mtu, na ratiba ya matukio iliyopangwa upya kwa ukurasa mmoja itamfaa mtahiniwa kuliko kurasa thelathini alizozipiga picha usiku.

Muhtasari ndio msaada unaoombwa zaidi, nao ndio unaoharibika kwa urahisi zaidi. Muhtasari halali husema sura inadai nini, kwa hoja zipi, na inafikia wapi, kwa maneno na mpangilio wa anayeufupisha. Ule unaofuata aya kwa aya, ukibadilisha neno hapa kwa kisawe chake pale, ni nakala iliyovishwa nguo nyingine, na sheria huihesabu hivyo. Njia ya kujikinga ni kusoma sura hadi mwisho, kuifunga, kuandika kilichobaki akilini, kisha kuirudia kwa ajili ya kuhakikisha majina, tarehe na nambari za kurasa tu. Yakiwekwa maandishi mawili kando kwa kando, msomaji asiweze kuonyesha sentensi inayozaa sentensi, kazi imefanyika ipasavyo. Juu ya muhtasari huo zinaweza kuongezwa nukuu mbili tatu fupi, kila moja katika alama za mtajo na nambari ya ukurasa, pamoja na maswali ya kujipima na maelezo ya maneno magumu.

Tafsiri, kinyume na inavyodhaniwa, si njia ya kuikwepa sheria. Mteja asiyejua Kikikuyu vizuri anaweza kusema kwamba basi atafsiriwe sura kwa Kiswahili, lakini haki ya kutafsiri nayo ni ya mwenye kazi, na toleo la Kiingereza la shajara hiyo lina hakimiliki yake mbali. Kumweleza kwa Kiswahili yaliyomo ni sawa. Kumwandikia sura nzima kwa Kiswahili si sawa.

Ugumu halisi, ambao wakereketwa wa hakimiliki hawausemi vya kutosha, ni kitabu kisichochapishwa tena. Vitabu vingi vya lugha za hapa huuzwa mara moja, vikaisha dukani, na asiyekipata hana pa kukinunua hata akiwa na fedha. Hilo halifuti hakimiliki, lakini linabadilisha kipaumbele cha msaada. Kwanza ni maktaba: ya chuo kule Kutus, au ya umma iliyoko Nyeri, ambako mtu husoma kitabu chenyewe bila kudaiwa nakala. Pili ni barua kwa mchapishaji au warithi, na barua hiyo ndiyo kazi bora ambayo mchapaji anaweza kulipwa: itaje jina la kitabu, toleo na ISBN, kurasa kuanzia ipi hadi ipi, idadi ya nakala, darasa litakalozitumia, na kama zitauzwa. Chuo chenye haja ya mara kwa mara kinaweza kuzungumza na KOPIKEN, shirika linalotoa leseni za kunakili vitabu na kukusanya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kwa matumizi ya kazi yake. Mteja anayelipa saiba hulipia umeme, wino na jasho la mchapaji, na ni haki. Ila bila leseni, aliyeandika yale maneno ndiye pekee asiyefikiwa na shilingi.

Vipo pia vipindi ambapo sura nzima hutolewa bila kigugumizi. Jomo Kenyatta alifariki mwaka 1978, kwa hiyo maandishi yake mwenyewe yatakuwa huru nchini kuanzia Januari mosi 2029, na siku hiyo duka lolote la Kerugoya litaweza kuyachapa kutoka jalada hadi jalada. Vilevile, Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vyenye hakimiliki kugeuzwa breli, sauti au maandishi yanayosomeka na kompyuta kwa ajili ya wasioona, kupitia taasisi zinazowahudumia. Mhudumu anapoambiwa kwamba anayehitaji sura haoni, hapaswi kumpa muhtasari na kudhani ameridhika. Ampeleke kwenye taasisi hiyo, kwa sababu hapo anachostahili kupata ni maneno yote.