Pale Wanapoachana: Kutafuta Ubishi wa Kweli katika Mjadala wa Bunge

Ijumaa ya tarehe 29 Novemba 2024, Bunge la Makabwela la Uingereza lilikaa tangu saa tatu na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu mchana likijadili muswada mmoja. Muswada huo, ulioletwa na Bi Kim Leadbeater, ulikusudia kumruhusu mtu mzima mwenye maradhi yasiyopona, anayekadiriwa kubakiwa na miezi sita au pungufu, asaidiwe kukatisha uhai wake. Vyama viliwaachia wabunge wao wapige kura kwa dhamiri. Waliokubali walikuwa 330, waliokataa 275. Mwandishi wa habari aliyepewa aya nne za kuieleza siku ile alikabiliwa na swali ambalo si la ufundi peke yake: katika maneno yote yale, watu hawa walikuwa wakibishania nini hasa?

Jibu jepesi lipo daima mkononi: upande mmoja unatetea utakatifu wa uhai, upande wa pili unatetea uhuru wa mtu. Ni jibu lenye sauti nzuri, na aliyekwisha kuliandika kabla ya mjadala kuanza hatalazimika kuusikiliza. Lakini anayeisoma Hansadi ya siku ile ataona kwamba walioegemea hoja ya utakatifu moja kwa moja ni wachache. Wengi wa waliokataa walizungumzia shinikizo, walemavu, na uhaba wa matunzo ya wagonjwa mahututi. Chama nacho hakikuwa mpaka. Bi Diane Abbott wa Leba na Bwana Edward Leigh wa Konsavativu, ambao ni nadra kukubaliana katika jambo lolote, walipiga kura moja ya kukataa.

Kazi ya kwanza, basi, ni kufuta. Chukua kumbukumbu ya mjadala na upige mstari kila jambo ambalo mbunge wa upande wa pili angelitamka vilevile. Kwamba kufa kwa maumivu ni jambo la kutisha: futa. Kwamba matunzo ya wagonjwa mahututi yanahitaji fedha zaidi: futa. Kwamba mtu asilazimishwe kufa: futa hilo pia, kwa kuwa muswada wenyewe uliweka kifungo kisichozidi miaka 14 kwa atakayemshurutisha mwenziwe. Visa vya familia navyo, vyenye uchungu usio na kifani, vilisimuliwa na pande zote mbili. Vinastahili kuheshimiwa, lakini havionyeshi mahali watu wanapoachana. Ukimaliza kufuta, saa tano zinabaki kurasa chache.

Katika kurasa hizo, tazama palipokatizwa. Katika Bunge lile msemaji anaweza kumpisha mwenziwe aingize neno, na hapo ndipo hotuba zilizoandikwa nyumbani zinapogusana. Msemaji akijibu swali kwa kurudia aliyokwisha kuyasema, huenda pale pamemuuma. Akijibu kwa hoja mpya, mwandishi amepata kitu cha kufuata.

Kisha tenga "hapana" zilizochanganyikana. Waziri wa Afya, Bwana Wes Streeting, aliyeunga mkono muswada wa namna hii mwaka 2015, safari hii aliukataa kwa hoja kwamba matunzo yaliyopo hayampi mgonjwa chaguo la kweli. Hiyo ni "bado", na "bado" inaweza kujibiwa kwa bajeti. Aliye na imani kwamba dola haina haki ya kushiriki katika kifo cha raia amesema "kamwe", na hakuna bajeti itakayomgeuza. Kuwaweka wawili hawa katika sentensi moja kama "wapinzani wa muswada" ni kusema kweli ya hesabu na kukosea maana.

Baina ya "bado" na "kamwe" lipo kundi la tatu, na hapa ndipo naona kiini kilipo. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria kama hii inatumika tangu 1997, taarifa za kila mwaka huorodhesha mambo yaliyowasumbua wagonjwa walioitumia. Katika miaka ya karibuni, zaidi ya wanne katika kila kumi wametaja, pamoja na mengine, hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa na walezi wao. Anayepinga huiona takwimu hiyo kuwa ushahidi wa shinikizo. Anayeunga mkono huiona kuwa sababu ambayo mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuipima. Takwimu moja ikitumiwa na pande mbili kuthibitisha mambo mawili, ujue ubishi si wa takwimu. Hapa swali ni hili: mtu anayechagua kufa ili asiwasumbue wanawe, bila ya yeyote kumsukuma, amechagua kwa hiari au ameshurutishwa na nafsi yake?

Madaktari wawili wanaweza kumuuliza kama ametishwa, naye akajibu kwa ukweli kwamba hapana. Bi Leadbeater alikuwa na hoja nzito hapa: sheria iliyopo haiulizi chochote mpaka mtu awe amekwisha kufa. Lakini swali la hiari linabaki vilevile.

Sisi tuliokulia katika Kiswahili tunaisikia vizuri tofauti hiyo. Bibi akisema "sitaki kuwa mzigo kwenu", mara nyingi anangoja aambiwe kwamba yeye si mzigo. Maneno yale ni kauli, na pia ni swali. Walio miongoni mwetu wanaofanya kazi katika nyumba za wazee huku ughaibuni wanajua jinsi ilivyo vigumu kubaini ni lipi kati ya hayo mawili mtu amekusudia.

Uthibitisho kwamba kiini kipo hapo ulipatikana mwaka uliofuata. Katika kamati, idhini ya jaji wa Mahakama Kuu iliondolewa na mahali pake likawekwa jopo la mwanasheria, daktari wa akili na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Baadhi ya waliounga mkono walisema jaji ndiye aliyewatuliza, wakahama. Lilikuja pia pendekezo la kumzuia mgonjwa ambaye sababu yake kubwa ni kutotaka kuwa mzigo, lilikataliwa. Tarehe 20 Juni 2025 muswada ulipita kwa kura 314 dhidi ya 291. Tofauti ya kura 55 ilikuwa imeshuka hadi 23.

Sentensi ya kwanza ya habari ile, kwa hiyo, isingekuwa "Wabunge wamegawanyika vikali". Ningeiandika hivi: "Wabunge wa Uingereza wamekubali kwa tofauti ya kura 55 kwamba mgonjwa anayekaribia kufa aweze kusaidiwa kukatisha uhai wake, huku wakishindwa kukubaliana kama sheria inaweza kumtambua anayechagua kifo kwa kuona haya kutunzwa." Aya ya pili ingetoa hoja ya kila upande kwa nguvu zake zote, ya tatu ingewatenga wa "bado" na wa "kamwe", na ya nne ingeeleza hatua inayofuata. Kipimo changu ni kimoja: Bi Leadbeater na Bi Abbott wakiisoma sentensi ile, kila mmoja aweze kusema, naam, hapo ndipo tunapoachana. Mmoja akisema "hilo silo nililolipinga", sentensi irudi mezani.

Kipimo hicho kina upungufu. Wabunge zaidi ya 160 waliomba kuzungumza na wengi hawakufikiwa, hivyo kiini kinachoonekana katika Hansadi ni kiini cha waliopewa nafasi. Halafu kuna jina la jambo lenyewe. Waunga mkono husema "kusaidiwa kufa", wapinzani husema "kusaidiwa kujiua", na Kiswahili hakina neno la tatu lisiloegemea popote. Mimi nimeandika "kusaidiwa kukatisha uhai", nikijua kwamba kwa sikio la mpinzani ni laini mno, na kwa sikio la mgonjwa anayesema kwamba uhai wake umekwisha kukatishwa na maradhi, ni kali.